Namba ngeni inaniambia "bahatisha mimi ni nani": nimjibuje?

Hamjambo wenzangu. Niko Kondele, Kisumu. Jana jioni WhatsApp imeleta ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Habari za siku nyingi? Umepotea sana!" Nikajibu, "Salama kabisa, namba yako haina jina kwangu. Naongea na nani?" Akarudi na vicheko: "Kwani umenisahau? Hebu bahatisha."

Hapo nikasita. Mwaka jana shemeji yangu aliulizwa hivyo hivyo, akabahatisha jina la binamu yake wa Busia. Yule mtu akakubali mara moja, "Ee, ni mimi!" Jina alipewa na shemeji mwenyewe. Siku mbili baadaye "binamu" alikuwa hospitalini akiomba shilingi 3,000, na shemeji akatuma.

Shida ni kwamba nina shangazi anayebadilisha laini kila mara, na huo utani ni wake kabisa. Nikimnyamazia, nitasikia habari zangu kwenye matanga.

Nimefikiria kujifanya namtumia pesa kidogo kwa M-Pesa ili jina litokee, kisha nikatize kabla haijaenda. Lakini laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo jina pekee halitanituliza. Afadhali nimwandikie, "Karibu sana, nipigie tusalimiane kwa sauti," au nimuulize mara ya mwisho tulionana kwa nani, bila mimi kutaja jina wala mahali.

Nyinyi mngeandika nini, asije akakasirika kama kweli ni shangazi?