Naomba ushauri: losheni imeharibika, duka linasema vipodozi havirudishwi

Habari wakuu. Jumamosi nilinunua losheni ya shilingi 28,000 Kariakoo. Nyumbani nilipobandua karatasi ya mdomo wa kopo, mafuta yamejitenga na maji, harufu imechacha, na tarehe ya mwisho wa matumizi bado mwaka mzima. Muuzaji ananionyesha bango: vipodozi na nguo za ndani havirudishwi, sababu ni usafi. Kwa aliyebadili mawazo naafiki kabisa, chupi iliyojaribiwa haiuziki tena. Lakini kasoro yangu isingeonekana bila kufungua, na losheni hii haifai kuuziwa mtu yeyote. Risiti ya mashine ninayo, picha nimepiga, kopo sijaligusa tena. Mliowahi kudai, nimwandikie kwanza mwenye duka au niende moja kwa moja Tume ya Ushindani?