Ofa za laptopu za mwaka wa kwanza Dodoma: mnatuuzia jina la "Core i7"

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mpwa wangu kapangiwa UDOM mwaka huu, anasoma mambo ya kompyuta. Mimi ndiye ninayemlipia. Nikaona tangazo la duka moja la hapa mjini, wakati ule wa usajili ambapo kila nguzo na kila grupu la WhatsApp lina ofa: "Core i7, RAM 8, betri saa 5, wazazi msihangaike." Laki sita na nusu. Nikatuma pesa, kijana akaenda kuichukua.

Inachukua muda mrefu kuwaka, na akiichomoa kwenye chaji haimalizi saa moja na nusu. Akafungua `msinfo32`, mbele ya Processor pameandikwa i7-3520M. Hiyo prosesa ilitoka 2012! Kijana alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Nikapiga simu dukani. Jibu: "Mzee, uliambiwa i7, umepewa i7. Na risiti inasema mali ikishauzwa hairudishwi."

Huu ni wizi wa mchana. Wanajua wazazi tuko Kondoa, tuko Singida, tunatuma hela kwa simu tukiamini bango.

FundiAreaC: Pole sana mkuu. Wanachofanya ni kuuza namba kubwa kwa mtu asiyejua namba inayofuata. Angalia tarakimu za baada ya kistari. 3520 ni kizazi cha tatu, 8250 ni cha nane, 10210 ni cha kumi. Hiyo i7 ya kwako ina kori mbili tu. i5-8250U ya 2017 ina kori nne na inakula umeme mdogo zaidi, kwa hiyo i5 "ndogo" inaipiga i7 yako vizuri sana. Mzazi anayenunua kwa simu amwambie muuzaji atume picha ya `msinfo32` kabla hajatuma hata shilingi. Stika ya pembeni ya kibodi isikushughulishe, zile zinauzwa na kubandikwa.

Mtoto wa Chamwino: Kizazi cha tatu hakiwezi kabisa kubeba Windows 11. Wamekuwekea 10, na ile Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

FundiAreaC: Hapo umepata nusu. Rasmi Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, lakini mafundi wanairuka hiyo kinga na inaingia. Tatizo ni kwamba Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine iliyolazimishwa. Kwa hiyo kuiona Windows 11 kwenye skrini si ushahidi kwamba mashine ni mpya.

DadaNgongona: Na sisi tuliolipia vyumba? Nimelipa miezi sita, nimefika nakuta maji yanatoka usiku tu, mwenye nyumba anasema kodi hairudi. Nifanyeje?

Mleta uzi: Dada yangu, pole, hapa tunazungumzia laptopu. Fungua uzi wako, nitakuja kuchangia.

FundiAreaC: Mkuu, turudi kwako. Ukienda kugombania i7 utashindwa, kwa sababu kweli ni i7. Gombania betri, maana walitaja saa 5. Kijana afungue cmd aandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Litatoka faili la `battery-report.html`. Alinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY.

Mleta uzi: Kanitumia sasa hivi. Ya kwanza 55,000 mWh, ya pili 18,200.

FundiAreaC: Theluthi moja tu imebaki. Namba hizo zinatoka kwenye betri yenyewe na betri feki hudanganya, kwa hiyo aipime na kwa saa pia: aijaze, achomoe, acheze video, arekodi hadi izime.

Wakili Mtarajiwa: Tangazo mnalo bado? Piga picha ya skrini haraka kabla hawajalifuta. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maneno ya "hairudishwi" hayamfichi muuzaji aliyetangaza uongo. Malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Risiti ni ya EFD?

Mleta uzi: Ni ya kuandikwa kwa mkono.

Wakili Mtarajiwa: Dai ya EFD. Hiyo peke yake inaweza kuwalainisha.

Muuza Vifaa: Tusionewe wote. Betri ni kitu cha kuchakaa, hakuna mwenye duka la mtumba anayeweza kuiwekea dhamana.

Mleta uzi: Basi kwa nini mliandika saa 5?

FundiAreaC: Mkuu, usinunue betri nyingine kwanza. Ukishaifungua, watasema mmeichokonoa.