Harusi ya pamoja: tugawaneje gharama? Wakwe wamekuja juu

KakaMtu: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao hapa Morogoro. Tulikubaliana na wakwe tuunganishe sendofu na harusi iwe sherehe moja, gharama tugawane kwa idadi ya wageni. Mimi ni mhazini wa kamati upande wetu. Sisi tuna wageni 150, wao 140. Ukumbi milioni 3, ingawa bado tunaangaliaangalia. Muziki na mshereheshaji milioni 1.2. Chakula milioni 8, sahani 20,000. Jana nimewapelekea mchanganuo, mama mkwe kanikatia simu. Nimekosea wapi?

BintiMsamvu: Umekosea kufuta sendofu ya mtoto wa watu. Mama huyo kachangia za wenzake miaka nenda rudi, leo zamu yake mnamwambia "tuunganishe". Mimi ningekata simu na namba nikablock... nikaifungia kabisa.

FundiSpika: Nawapigia watu muziki harusini. Waje 200 au 400, mashine ni zilezile, labda niongeze spika mbili nyuma. Kwa hiyo muziki nusu kwa nusu, na ukumbi hivyo hivyo. Chakula tu ndiyo mhesabu vichwa.

Mstaafu wa Hesabu: Mhazini, milioni 8 kwa 20,000 ni sahani 400. Wageni uliowataja ni 290. Sahani 110 za nani?

KakaMtu: Mzee, hizo ni za akiba.

Mstaafu wa Hesabu: Akiba ni sahani 15, 20. Umehesabu watu au kadi?

KakaMtu: Kadi. Za kwetu 110 ni dabo, 40 singo. Za kwao zote singo. Lakini tulisema "wageni", na kadi moja ni mwaliko mmoja. Tena wenye dabo wengi huja peke yao.

MlaPilau: 😂😂 Nimekumbuka harusi ya shemeji yangu, walihesabu kadi hivyo hivyo. Meza yetu ilikuwa ya mwisho kuitwa. Tulikuta kachumbari na mfupa mmoja, tukaugombea na mjomba.

Mstaafu wa Hesabu: Mpishi halipwi kwa waliokuja, analipwa kwa sahani ulizoagiza. Na dabo mmechangisha bei gani?

KakaMtu: Laki. Singo hamsini. Lakini si wote wamemaliza ahadi.

Mstaafu wa Hesabu: Basi hela ya mtu wa pili mmeshaanza kuipokea, halafu sahani yake mnawapelekea wakwe. Ninyi mko 260, wao 140. Chakula: ninyi 5.2, wao 2.8. Muziki namwunga mkono Fundi, laki sita kila upande. Ukumbi simwungi. Ninyi mngekuwa 140 kama wao, mngetosha kwenye ukumbi wa watu 280. Huo ungekuwa bei gani?

KakaMtu: Tuliuona wa milioni 2. Ila hata nikitaka, ukumbi mkubwa nimeshaulipia advansi milioni na nusu, hairudi. Parkingi yake kubwa, nilijua watafurahi.

Mstaafu wa Hesabu: Uliwauliza?

KakaMtu: Ningewauliza ukachukuliwa na wengine.

Mstaafu wa Hesabu: Basi milioni 2 ya kwanza mnagawana nusu, kwa kuwa wote mngeihitaji. Milioni ya juu imeletwa na dabo zenu, ni yenu. Jumla ninyi 7.8, wao 4.4. Na mkigawa kila kitu kwa vichwa halisi, wao wanatoa 4.27. Tofauti ya njia hizo mbili ni laki na elfu thelathini. Kwa hesabu yako ya kadi walitakiwa kutoa karibu 5.9. Ndiyo maana simu imekatwa.

SijaliTena: Ngoja kwanza. Juu kaandika ukumbi "bado tunaangaliaangalia", hapa kalipa advansi. Wageni 150 wamekuwa 260. Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi. Weka picha ya risiti.

BintiMsamvu: Nilihisi tangu mwanzo. Mwanaume gani anakosa usingizi kwa ajili ya mama mkwe wa mdogo wake?

FundiSpika: Chai au si chai, mimi mwezi ujao Jumamosi moja iko wazi.

MlaPilau: Mtunzi wa chai angekumbuka kuweka mfupa.

KakaMtu: Risiti ina jina langu, siweki. Niliogopa mtanishambulia kabla ya kunijibu, ndiyo maana nikaficha. Hiyo 7.8 kwenye kamati hatuna, tuna 6.1 na ahadi. Nikipunguza dabo 50 ziwe singo, wenyewe wameshalipa laki.

SijaliTena: Warudishie hamsini hamsini.

KakaMtu: Mkuu, umewahi kumrudishia bosi wako mchango?

*(saa tatu baadaye)*

KakaMtu: Mzee wa Hesabu, mama mkwe kapokea simu. Kasema 4.4 sawa, ila anauliza wapiga picha, dijei na wapambaji wako 12, nao wanakula. Sahani zao ziko upande gani?