Herufi za mbao au za risasi kwa bango la A3? Tulinganishe ukubwa, wino na mgandamizo

ChapaMkono:
Wakuu, habari za kazi. Nina bango la A3 la kuchapa kwa mashine ndogo ya silinda, ile ya kutolea prufu, kwenye karatasi ya gramu 200 isiyong'aa. Kichwa ni MAONYESHO YA VITABU, na chini yake kuna mistari mitano ya tarehe, mahali na ratiba. Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza, kichwa kwa mbao na mistari kwa risasi ya pointi 10, vyote kwenye fremu moja na mpito mmoja. Ya pili ni hiyohiyo kwa mipito miwili. Ya tatu ni risasi tupu, kichwa kikiwa pointi 72. Ninachojali zaidi ni herufi ndogo zibaki na umbo lake. Mngechagua ipi?

BiKabari:
Ya tatu iondoe mapema. Pointi 72 ni milimita 25 za mwili wa herufi, na mwili huo unabeba pia nafasi ya mikia ya g na y, kwa hiyo M yenyewe haifiki hata milimita 20. Kwenye A3 kichwa hicho kitakuwa kidogo mno. Mbao nyingi za mabango zina herufi kubwa tupu, nazo hujaza mwili karibu wote.

Sasa ukubwa wa mbao. Karatasi ina upana wa milimita 297. Ukiacha 20 kila upande unabaki na 257. Neno linaloamua ni MAONYESHO, herufi tisa. Mbao hupimwa kwa laini, na laini moja ni pointi 12, kama milimita 4.2. Ukichukua laini 15 una kimo cha milimita 63, na kama herufi ni nyembamba, upana nusu ya kimo, tisa zinakula milimita 285. Hazikai. Laini 12 ni kimo cha milimita 50 na kidogo, tisa zinakula kama 228, na zile 29 zinazobaki ni za upana wa ziada wa M na O pamoja na nafasi kati ya herufi. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya kuchagulia kasha tu. Panga neno zima mezani, lipime kwa rula, ndipo ufunge fremu.

Hesabu na A zako pia. Makasha ya mbao yamepangwa kwa Kiingereza. Kasha dogo lina A tatu. MAONYESHO YA VITABU inazimaliza zote tatu. Mtu akikuongezea KARIBU WOTE kwa herufi hizohizo, umekwama. Kwenye risasi ni vilevile: e zitabaki za kumwaga, a na k zitakwisha mstari wa tatu.

Jembe_la_Kazi:
Mpito mmoja unatosha, msimchoshe mwenzetu. Kichwa kikitoka na madoa meupe, ongeza karatasi mbili tatu kwenye matandiko ya silinda, mbao itashika. Herufi zikizama mpaka zikaonekana nyuma ya karatasi ndiyo uzuri wenyewe wa kazi hii, wateja wanalipia hiyo. Angalia tu unyevu, maana Pwani mbao huvimba zikapanda juu kuliko risasi. Na usizioshe kwa maji hata siku moja. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinatosha, kisha zikauke wima zikipata hewa.

BiKabari:
Kuhusu maji niko nawe kabisa. Kwenye unyevu nusu tu. Mbao nzuri za chapa hukatwa uso ukiwa kwenye ncha ya gogo, nyuzi zikisimama kutoka mguuni hadi usoni. Mbao huvimba kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake, kwa hiyo kimo hubadilika kidogo sana, lakini unene na upana wa kila kipande hubadilika. Dalili ni mstari uliokaa sawa asubuhi kugoma kuingia kwenye fremu siku ya mvua. Ukiulazimisha kwa kabari, herufi za katikati zinanyanyuka, nawe utadhani zimevimba kwenda juu. Legeza kabari, gonga herufi zikae chini kwa kibao bapa, kisha ukaze tena taratibu.

Madoa meupe nayo yana sababu mbili, na kuongeza matandiko hakutibu hata moja vizuri. Kama madoa yametawanyika sawa herufi zote, wino ni mchache. Kama herufi moja imepauka, au kona yake tu, hiyo iko chini ya wenzake. Ipime kwa maikromita. Kimo cha kutoka mguuni hadi usoni kwa mfumo wa Uingereza, ambao ndio wa mashine nyingi kuukuu za Kenya na Tanzania, ni inchi 0.918, yaani milimita 23.32. Ukisoma 23.12 umepungukiwa 0.2. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa kama 0.1, basi weka mbili chini ya mguu wa herufi hiyo, umezikata ndogo kidogo kuliko mguu ili zisichungulie. Umeinua moja iliyochakaa na hukugusa zile zilizo sawa.

Ukiongeza matandiko kwenye silinda, unazibana zote, na pointi 10 ndizo zinazoumia. Tuseme mgandamizo unasukuma wino milimita 0.05 kila upande wa mstari. Mguu wa M ya mbao wenye unene wa milimita 10 unakuwa 10.1, hakuna jicho litakaloona. Mstari mwembamba wa n ya pointi 10, wenye unene wa 0.1, unakuwa 0.2. Umeongezeka mara mbili. Tundu la e linajaa, kona kali zinaviringika, na maandishi yanaonekana ya aina nyingine kabisa, nene na zito. Matandiko laini yanazidisha ubaya, maana karatasi inajikunja kufuata mabega ya herufi na kuokota wino uliolala pembeni.

Kaskazi_Dizaini:
Samahani kuingilia. Mimi nasanifu kwenye kompyuta. Si mchape tu kichwa na maandishi kwa leza mlinganishe unene wa herufi kabla ya kupanga? Mbona fonti ya Bembo ya kompyuta ina mistari myembamba sana ukiilinganisha na vitabu vya zamani?

BiKabari:
Kaskazi, leza inafaa kuangalia mpangilio, haitakuonyesha unene. Swali lako la Bembo ndilo hilihili tunalozungumza. Waliochonga herufi za risasi walijua wino utatanuka kwenye karatasi, wakazifanya nyembamba kuliko walivyotaka zisomeke. Toleo la kompyuta lilifuata umbo la chuma, likaacha ule utanukaji, ndiyo maana limekonda. Mchapaji anayesukuma kupita kiasi anafanya kinyume chake, anaongeza unene ambao haukukusudiwa.

Fundi_Lushi:
Jambo kwenu wote, nawasoma toka Lubumbashi. Kwangu kuna makasha mawili, moja la zamani la Wabelgiji na moja lililotoka upande wa Zambia. Nikizichanganya, za Kibelgiji zinachapa nyeusi sana na zile zingine hazionekani. Wino ni uleule. Niongeze nini?

BiKabari:
Usiongeze kitu, zitenganishe. Pima kimo kwanza. Kama za kwanza zinasoma 23.56, hizo ni za kimo cha Ufaransa, ndefu kwa 0.24 kuliko za Kiingereza. Kwa chapa hiyo ni tofauti kubwa sana. Hata pointi zake si sawa. Pointi 12 za Didot, mfumo wa hizo za Ufaransa, ni milimita 4.5 na za Kiingereza 4.2, kwa hiyo hata ukiinua zile fupi kwa karatasi, mistari haitafungana. Ukichapa za Kibelgiji peke yake, punguza matandiko kwa 0.24 na upandishe rola kiasi hicho hicho. Rola zikibaki chini zitapaka wino mpaka mabegani mwa herufi.

Jembe_la_Kazi:
Sawa Bi, kwenye pointi 10 nakubali. Ila karatasi ya gramu 200 inaweza kubeba mgandamizo zaidi ya hapo. Na mashine nayo ina kipimo chake.

BiKabari:
Inacho, tena kifuatwe. Silinda nyingi za Vandercook, kwa mfano, zinataka inchi 0.040 za matandiko ukijumlisha na karatasi unayochapa, kama milimita moja. Ukizidisha, silinda inakuwa nene na uso wake unakwenda mbio kuliko kitanda cha herufi. Herufi zinaburuzika, ukingo mmoja wa kila mstari unatoka na kivuli. Kitu kingine cha kuangalia kwa lenzi ni ukingo mweusi kuzunguka herufi na katikati iliyopauka. Hapo wino umekamuliwa kwenda pembeni, maana yake umebana sana, au wino umezidi, au vyote viwili.

ChapaMkono:
Nimeelewa. Basi mipito miwili. Wino je? Nina mweusi wa mafuta na mweusi wa raba.

BiKabari:
Mipito miwili ni kwa ajili ya wino hasa. Uso mpana wa mbao unataka wino mwingi, pointi 10 inataka utando mwembamba, na rola moja haiwezi kutoa vyote kwa pamoja. Kwa maandishi madogo, anza na wino wa kiasi cha punje ya harage kwenye sahani, usambae kabisa, ndipo uchape. Sikiliza rola: zikitoa mnong'ono laini uko sawa, zikipiga kelele ya kubanduka umezidisha. Ongeza kidogo kidogo, maana kuupunguza ni kuosha upya. Kwa mbao ongeza mpaka weusi ufunge, na ukiona wino ni mwepesi unatiririka kingoni, changanya unga kidogo wa magnesiamu kabonati uwe mzito. Mimi ningetumia wa mafuta kwa vyote. Wa raba haukauki haraka kwenye rola, unakupa nafasi ya kufanya kazi polepole, lakini ukipakwa mzito kwenye mbao unachelewa sana kukauka kwenye karatasi.

Jembe_la_Kazi:
Wa raba kwenye karatasi isiyong'aa unanywewa, haukawii hivyo. Nachapa nao mabango muda wote, kesho yake yanapangwa.

BiKabari:
Kwa utando mwembamba, ndiyo. Kwa M ya milimita 50, kesho yake lipitishe kidole.

ChapaMkono:
Nianze na mpito upi?

BiKabari:
Maandishi madogo kwanza. Wino wake ni mchache, unatulia mapema, hautagandia silindani kwenye mpito wa pili. Shika ukingo uleule wa karatasi mara zote mbili.

Jembe_la_Kazi:
Mimi naanza na kichwa. Mbao ndizo zinazosogea, kwa hiyo nikishaona zilipoangukia, narekebisha risasi zilingane nazo. Risasi unaisogeza kwa kipande chembamba cha pointi moja. Mbao ya laini 12 huisogezi hivyo.

ChapaMkono:
Hoja zote mbili zina uzito. Nitapanga karatasi 20 za ziada, kumi kwa kila utaratibu, na nitaweka hapa picha za e na a kwa lenzi.

BiKabari:
Piga na upande wa nyuma, taa ikiwa pembeni. Pointi 10 ikiwa sawa, kidole kinaihisi kwa mbali tu.