Mrejesho: skripti ya wahudumu wa simu

Niliuliza: "Wahudumu wetu hapa Dodoma wanasoma skripti kama kaseti, wateja wanakata kabla masharti ya mkopo hayajaisha. Nirekebisheje bila kuruka yanayotakiwa kisheria?"

Wakuu, asanteni. Sentensi tatu tu tumezifungia kwenye kisanduku, zisomwe neno kwa neno: simu inarekodiwa, jumla ya marejesho, adhabu ya kuchelewa. Mengine mhudumu anasema kwa maneno yake.

Ya kurekodi imebaki mwanzoni, ila fupi: "Kabla sijachukua jina lako, simu hii inarekodiwa. Tuendelee?" Halafu ananyamaza, asubiri jibu. Ukimya huo ndio uliotusumbua kuufundisha!

Masharti sasa yanakuja mteja akishataja kiasi: "Unachukua 300,000, unarudisha 345,000 kwa miezi 6, yaani 57,500 kila mwezi." Kisha tunamuuliza yeye, "Kwa hiyo kila mwezi utaweka ngapi?" Akisema 50,000, amegawanya mkopo akasahau riba, tunarudia.

Mwanzoni adhabu tuliiacha huru. Nikisikiliza rekodi nikamkuta binti mmoja akibembeleza, "Aah mama, adhabu ni kidogo tu." Siku hiyohiyo nikaiingiza kisanduku.