Kati ya 10 na 20, je, 20 imo? Naomba ushauri

Mwanafunzi_wa_Namba: Wakuu, nimekwama. Mtu akisema "kati ya 10 na 20", ni namba ngapi? Kesho asubuhi nawasilisha ripoti.

Bi_Chaki: Tisa. Mti ulio kati ya nyumba mbili si nyumba. Ukitaka zote 11, sema "kuanzia 10 hadi 20".

Fundi_Uzio: Mimi nilihesabu nguzo ya 10 hadi ya 20, nikakata vipande 11 vya waya. Kimoja kilibaki. Nguzo ni 11, nafasi ni 10.

Kodi_Usiku: Kwenye programu, namba ya mwisho huachwa. `range(10, 20)` huishia 19.

Mzee_Jedwali: Kwenye Python, sawa. `BETWEEN` ya SQL huchukua ncha zote mbili. Mleta uzi, unahesabu nini hasa?

Mwanafunzi_wa_Namba: Malipo ya tarehe 10 hadi 20. Daftari lina 143, mfumo unatoa 131. Ila nimeshaweka 21 badala ya 20, kwa hiyo si tatizo tena.

Mzee_Jedwali: Safu hiyo ina tarehe tu, au na saa?

Mwanafunzi_wa_Namba: Na saa pia. Sikuona kama ina maana.

Mzee_Jedwali: Ndiyo kiini chenyewe. Ukiandika tarehe 20 bila saa, mashine inasoma 20 saa 00:00:00. Lililolipwa sekunde moja baadaye liko nje. Ulipoweka 21 umepata ngapi?

Mwanafunzi_wa_Namba: 144. Moja tu limezidi, bosi hataliona.

Bi_Chaki: Mwanangu, hesabu ya fedha haina "moja tu".

Jicho_Kali: Hii ni ya kutunga. Nani hulipa saa sita kamili usiku, bila hata sekunde? Huyu ana swali la mtihani.

Mwanafunzi_wa_Namba: Sijatunga. Mstari wenyewe unasomeka `2024-05-21 00:00:00`. Ni makato yanayojiendesha yenyewe siku inapogeuka.

Mzee_Jedwali: Namwamini, makato ya namna hiyo ninayo hata mimi. Ripoti yako ya pili ikianzia 21, mstari huo utahesabiwa mara mbili. Jumuisha mwanzo, acha mwisho:

```sql
WHERE muda >= '2024-05-10'
  AND muda <  '2024-05-21'
```

Ripoti ya pili ianze na `>= '2024-05-21'`. Hapo hakuna mstari utakaoingia kote kuwili, wala utakaokosa pa kuingia.

Kodi_Usiku: Mimi huandika 20 saa 23:59:59, inatosha.

Mzee_Jedwali: Inatosha mpaka siku safu itakapohifadhi sehemu za sekunde. Lililolipwa 23:59:59.4 litaanguka katikati.

Kodi_Usiku: Yangu haihifadhi.

Mwanafunzi_wa_Namba: Nimepata 143. Ripoti ya Aprili niliitoa kwa ile njia ya kuongeza siku, na ilishapokelewa. Naifungua sasa hivi.