Kitasa cha mviringo kimekufa: nirudishe kilekile, niweke hendeli, au nibadilishe kabisa?

Mpangaji_Umoja
Wadau, kitasa cha mviringo cha chumba cha kulala kimeanza kuzunguka bure, ulimi hautoki. Dukani nimeonyeshwa vitu vitatu: kitasa kingine cha mviringo, hendeli inayoingia tundu lilelile, na hendeli nzuri nyembamba yenye kisahani kidogo cha duara, ambayo huuzwa pamoja na kitasa cha kuchimbiwa ndani ya mbao. Nimependa hiyo ya tatu. Mama mzazi anakuja kukaa nami na vidole vyake vina baridi yabisi, kuzungusha kitu cha mviringo kunamtesa. Nipime nini kabla ya kulipa?

Kaka_wa_Rongai
Usijisumbue. Vitasa vya mviringo vyote ni milimita 60 kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu. Nunua, funga, lala.

Seremala_wa_Kariobangi
Kaka, 60 ni ya kawaida, lakini 70 ipo pia na nimeikuta mara nyingi. Mpangaji, fungua skrubu mbili za upande wa ndani, toa kitasa chote, tundu libaki wazi. Usikisie katikati ya tundu kwa macho. Pima kutoka ukingo wa mlango hadi mdomo wa karibu wa tundu, kisha kutoka ukingo huohuo hadi mdomo wa mbali. Jumlisha, gawa kwa mbili. Hapo umepata umbali wa katikati. Ukitoa kipimo kidogo kwenye kikubwa, unapata upana wa tundu. Rudia upande wa pili wa mlango, maana ukingo ukiwa umerandwa kimshazari pande mbili hazitalingana, na utachukua kipimo kilicho kati yake.

Mpangaji_Umoja
Nimepima. Mdomo wa karibu 33, wa mbali 87. Pande zote mbili ni hivyohivyo.

Seremala_wa_Kariobangi
33 na 87 ni 120, nusu yake 60. Na 87 ukitoa 33 ni 54. Umbali 60, tundu 54, kipimo cha kawaida kabisa. Sasa rudi kwa ile hendeli uliyoipenda na upime kisahani chake. Vingi vya aina hiyo vina upana wa milimita 50 au 52. Tundu lako ni 54. Kisahani kitazama ndani ya tundu, na skrubu zake hazitapata mbao ya kushika. Hata ile yenye bamba refu haikuokoi, kwa sababu bamba huwa na upana wa kama 40 tu na utaona vipande viwili vya shimo, umbo la mwezi mwandamo, kushoto na kulia. Tena vitasa vingi vya kuchimbia vinavyouzwa hapa katikati yake iko 44 au 57, si 60.

Mama_Pacha
Mimi geti langu la chuma linagoma kufunga mvua ikinyesha, nalo nipime hivyohivyo?

Seremala_wa_Kariobangi
Hapana, mama. La chuma huchomelewa, hesabu yake ni nyingine. Fungua uzi wako tutazungumza.

Dada_wa_Kahawa
Mimi yalinikuta. Nilinunua kitasa chenye ulimi wa 70 usiobadilika, tundu langu 60. Ulimi uliingia vizuri ukingoni, nikafurahi. Kuja kupitisha chuma cha katikati, kitobo chake kilikuwa kimepita katikati ya tundu kwa sentimita nzima, na pande mbili za kitasa zikakataa kukutana. Nilikuwa nimeshachana pakiti, duka likakataa kurudisha. Siku hizi naomba ulimi unaobadilika: unauzungusha kidogo, unarefuka kutoka 60 hadi 70.

Kaka_wa_Rongai
Nakubali, hata changu kumbe kilikuwa cha kubadilika. Ndiyo maana sikuwahi kupata shida.

Mpangaji_Umoja
Na nikiziba tundu kwa kipande cha mbao, kisha nichimbie kile cha tatu?

Seremala_wa_Kariobangi
Mlango ukiwa wa mbao nzima, inawezekana. Lakini gonga mwanzo. Ukilia kama debe, ni wa tabaka mbili za plaiwudi na ndani kuna uwazi. Upande wa kitasa huwekwa gogo la mbao, na tundu lile limeshakula sehemu kubwa ya gogo hilo. Mimi singechimba. Chukua hendeli ya pili, ya tundu lilelile. Kisahani chake huwa kipana, 60 na kitu, kinafunika 54 bila wasiwasi. Pima pia unene wa mlango. Nyingi hukubali 35 hadi 45, na mlango mwembamba zaidi utaacha hendeli ikicheza.

Dada_wa_Kahawa
Kwa mama mwenye vidole vibaya nakubaliana na hendeli. Ila mimi ningeziba na kuchimba, kwa fundi mwenye subira. Zile za tundu kubwa nilizopata chemchemi yake ililegea mapema, hendeli ikaning'inia.

Seremala_wa_Kariobangi
Chemchemi ni suala la ubora wa uliyonunua, dada. Kuna nilizofunga na bado zinarudi juu zenyewe.

Mpangaji_Umoja
Nimegonga. Unalia kama debe. Unene ni 38. Kesho naenda na kile kitasa kibovu mkononi na kipimo changu cha 60 na 54 kwenye karatasi.